Nimerekebisha hoja 33 kati ya 34 za mhakiki, makala imekataliwa. Kosa ni la nani?

Kihamba_cha_Juu

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Nipo Moshi. Nilifanya utafiti mdogo kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika huku juu mlimani, kuhusu bei ya kahawa. Hoja yangu ilikuwa kwamba serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi kuingia msimu wa 1994/95, mkulima alinufaika. Nilipata daftari la chama, nikalinganisha bei ya kilo ya kahawa ya maganda ya msimu wa 1992/93 na ile ya 1994/95. Imepanda mara nne na kidogo. Nikaongeza mahojiano na wazee kumi na wawili, nikatuma kwenye jarida fulani ambalo silitaji.

Baada ya miezi saba ikaja ripoti ya mhakiki. Hoja 34, zimefuatana kwa kurasa, moja hadi thelathini na nne. Namba 1, kichwa cha makala ni kirefu. Namba 2, jina la chama kikuu cha ushirika, KNCU, liandikwe kwa kirefu linapotajwa mara ya kwanza. Namba 3, kuna nukta mbili pasipohitajika. Inaendelea hivyo hivyo. Namba 19 ilisema nifikirie pia bei ya dunia ya kipindi kile. Namba 20 ikasema Jedwali la 2 lina mistari mingi. Namba 27 ilikuwa maneno mawili tu na alama ya kuuliza: malipo ya awali?

Nilikaa wiki tatu. Nilirekebisha 33 vizuri kabisa, hata ile mistari ya jedwali. Kwenye namba 19 niliongeza sentensi moja kwamba bei ya dunia nayo ilipanda. Nikarudisha. Jibu likaja: imekataliwa, kwa sababu "hoja ya msingi haijajibiwa."

Hoja ipi ya msingi? Kwenye zile 34 hakuna hata moja iliyoitwa ya msingi!

Na sasa, vituko, jarida jingine limeniomba mimi nihakiki makala ya mtu. Sitaki kumfanyia mwenzangu nilichofanyiwa. Naombeni maoni.

Ngarenaro_Kwetu

Mkuu hilo jarida linalipa bei gani kwa makala? Mimi nina mashairi yangu kama arobaini yamekaa tu.

Kihamba_cha_Juu

@Ngarenaro_Kwetu halilipi kitu ndugu yangu. Na mashairi hawachukui.

Ngarenaro_Kwetu

Sasa mnang'ang'ania nini?

Dokta_wa_Njiro

Pole sana kaka. Mimi yangu ilikuwa kinyume. Makala ya mambo ya maji, mhakiki alikuwa na hoja moja tu aliyoiita kubwa: lugha ni dhaifu, nitafute mzawa wa lugha hiyo ainyooshe. Hakugusa vipimo, hakugusa njia ya kuchukua sampuli, hakugusa chochote. Nililipa mtu anyooshe lugha. Ikachapishwa. Mwaka mmoja baadaye nikagundua mwenyewe kosa kwenye uzito wa sampuli mbili, ikabidi nimwandikie mhariri atoe sahihisho. Mhakiki angetumia ule muda wa lugha kuangalia jedwali langu, angeliona.

Kwa hiyo wewe umekataliwa kwa jambo la kweli. Mimi nilikubaliwa kwa jambo la uongo. Sijui nani ana nafuu.

Mwalimu_Rau

Kihamba, nimekaa upande wa uhariri kwa miaka kadhaa, na nimehakiki makala nyingi za historia ya uchumi. Nitasema mambo mawili, na la kwanza hutalipenda.

Mhariri alikuwa sahihi kukataa. Namba 19 ndiyo iliyobeba makala yako yote. Mwezi Juni na Julai 1994 baridi kali ya jalidi iliunguza mashamba ya kahawa Brazili, na bei ikaruka dunia nzima. Kabla ya hapo bei ilikuwa imelala tangu Julai 1989, pale mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika. Wewe umechukua mwaka ambao bei ilikuwa shimoni, ukaulinganisha na mwaka wa jalidi, halafu tofauti yote ukaipa soko huria. Mnunuzi binafsi angekuja au asingekuja, bei ingepanda. Hata mkulima aliyeuza msimu ule kupitia mkono wa serikali nchi jirani aliona bei imepanda.

La pili ni kwamba mhakiki wako alifanya kazi mbaya. Aliliona tatizo, akalizika kati ya hoja ya nukta mbili na hoja ya mistari ya jedwali. Mwandishi akipewa namba 34 zinazolingana kimo, anazitendea sawasawa, sentensi moja moja. Ndivyo ulivyofanya, na sikulaumu kwa hilo.

Hesabu_Tu

Hapo hakuna tatizo la kukataliwa. Badilisha bei zote ziwe dola, imeisha. Shilingi ilikuwa inaporomoka miaka ile. Ukitumia dola unapata bei halisi, hoja ya mhakiki inakufa.

Mwalimu_Rau

@Hesabu_Tu umepatia nusu. Tufanye hesabu hapa hapa maana ndiyo itakayoonyesha hoja kubwa inafananaje.

Bei ya wastani ya Shirika la Kimataifa la Kahawa mwaka 1992 ilikuwa kama senti 53 za dola kwa ratili. Mwaka 1994 ilikuwa kama senti 134. Hiyo ni mara mbili na nusu. Dola moja mwaka 1992 ilikuwa karibu shilingi 298, mwaka 1994 karibu shilingi 510. Hiyo ni mara 1.7. Zidisha 2.5 kwa 1.7, unapata mara nne na robo hivi.

Sasa Kihamba, wewe daftari lako limesema mara ngapi?

Kihamba_cha_Juu

Mara nne na kidogo.

Duh.

Mwalimu_Rau

Ndiyo. Jalidi na shilingi peke yake zinaweza kumaliza ongezeko lako lote, soko huria libaki mikono mitupu. Sisemi halikusaidia. Nasema ushahidi wako hauwezi kulionyesha. Hesabu_Tu akibadili kuwa dola anaondoa ile mara 1.7. Jalidi bado ipo pale pale, na kwa kweli jalidi ndiyo kubwa.

Hesabu_Tu

Sawa, lakini hiyo wastani ya shirika imechanganya arabika na robusta. Kilimanjaro ni arabika. Na msimu si mwaka wa kalenda. Namba zako nazo si za kumpiga nazo mtu.

Mwalimu_Rau

Kweli kabisa, na kama ningekuwa mhakiki ningemwomba atumie bei za arabika laini na za mnada wa Moshi, mwezi kwa mwezi. Jibu litasogea kidogo. Mwelekeo hautageuka. Mhakiki hana kazi ya kumwandikia mwandishi jibu, kazi yake ni kuonyesha kwamba maelezo mengine yapo na yana ukubwa wa kutosha kula hoja nzima. Hesabu ya mistari mitatu inatosha kwa hilo. Mhakiki wako angeiweka hiyo hesabu kwenye namba 19, leo usingekuwa hapa unalalamika.

Karani_Mstaafu

Nimesoma kimya. Mimi si msomi, nilikuwa karani wa chama cha msingi miaka hiyo hiyo mnayoisema. Hiyo namba 27 mnaipita hivi hivi, na mimi naona ni mbaya kuliko 19.

Wakati wa ushirika mkulima hakulipwa mara moja. Akileta kahawa analipwa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani na gharama zikikatwa, kinachobaki kinarudi, anapata malipo ya pili, na mwaka mzuri huja ya mwisho. Mnunuzi binafsi alipokuja 1994 yeye alitoa fedha yote papo hapo, na hakurudi tena. Sasa kijana, ile bei ya 1992/93 uliyoikuta kwenye daftari ni ipi? Kama ni daftari la mapokezi, hiyo ni ya awali tu.

Kihamba_cha_Juu

Shikamoo mzee.

Ni daftari la mapokezi.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Basi umelinganisha nusu ya mshahara wa mtu mmoja na mshahara mzima wa mwingine. Malipo ya pili yaliandikwa daftari lingine, tuliliita la malipo, yalikuwa majina na sahihi za vidole gumba.

Dokta_wa_Njiro

Hili limenishtua. Mhakiki aliandika maneno mawili na alama ya kuuliza. Maana yake alijua! Mtu anayeuliza "malipo ya awali?" anaujua mfumo ule. Kwa nini asiandike kama alivyoandika mzee hapa, mistari minne tu?

Mwalimu_Rau

Uvivu, dada. Au alikuwa anasoma na kalamu mkononi, akaandika kila kilichomjia kwa mpangilio wa kurasa, akatuma yale maandishi ya pembeni kama yalivyo. Wengi wanafanya hivyo. Ripoti inapatikana baada ya hapo, mtu anapofunga makala na kujiuliza: kati ya haya yote, lipi likirekebishwa litabadilisha hitimisho? Hilo linakwenda juu. Lisilobadilisha linakwenda chini, hata kama lilikuudhi ulipokuwa unasoma.

Mzee Karani, asante. Mimi hiyo 27 nilikuwa nimeiona ni ya kuomba ufafanuzi tu. Nimekosea.

Sanawari_Mjini

Jamani mbona rahisi. Ya hoja ni makubwa, ya lugha ni madogo. Nyuzi ndefu za nini.

Mwalimu_Rau

@Sanawari_Mjini si rahisi hivyo. Kihamba, kwenye ikisiri yako uliandikaje, soko huria "lilifanya nini" bei?

Kihamba_cha_Juu

Niliandika "lilisababisha kupanda kwa bei ya mkulima". Mhakiki namba 6 alisema nibadilishe "lilisababisha" niweke "liliambatana na". Nilidhani ni mambo ya ufasaha. Nikabadilisha pale kwenye ikisiri tu.

Mwalimu_Rau

Ona sasa. Kitenzi kimoja, kinafanana na suala la mtindo, na ndicho kinachosema unadai nini. Ukibadilisha kwenye ikisiri halafu hitimisho likabaki na "lilisababisha", una makala mbili ndani ya makala moja. Mhakiki aliliweka jirani na nukta na herufi kubwa kwa sababu lilikuwa neno. Lakini lilipaswa kukaa pamoja na 19 na 27, hoja tatu zikiwa mwili mmoja.

Dokta_wa_Njiro

Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, Mwalimu. Mwandishi akishajibu 19 na 27, kitenzi kitajirekebisha chenyewe. Ukikiweka juu kama hoja kubwa ya tatu, atafanya alichofanya: atabadilisha neno, ataona amemaliza moja kati ya tatu. Waandishi tunapenda kumaliza ile iliyo rahisi.

Mwalimu_Rau

Una hoja. Mimi bado ningekitaja juu, lakini ndani ya hoja ya kwanza, bila kukipa namba yake. Wahariri niliofanya nao kazi hawakukubaliana hili.

Kihamba_cha_Juu

Mwalimu, naomba basi unionyeshe. Ungekuwa mhakiki wangu ungeandikaje? Niweke ripoti nzima hapa?

Mwalimu_Rau

Usiiweke neno kwa neno, ile ni barua ya mtu mwingine na aliiandika akijua inakwenda kwako na kwa mhariri. Na makala uliyopewa kuhakiki usiitaje hapa hata kwa fumbo. Hii ni yako, ijadili utakavyo. Ningeandika hivi, kwa ufupi:

"Makala inadai kwamba kuruhusiwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95 kuliinua bei ya mkulima wa kahawa, na inategemea daftari la chama kimoja cha msingi na mahojiano 12. Daftari hilo ni chanzo adimu, na mahojiano ya ukurasa wa 9 kuhusu namna wakulima walivyochagua mnunuzi ni sehemu bora ya makala. Kwa sasa, hata hivyo, ushahidi hauthibitishi dai kuu, kwa sababu mbili.

Hoja kubwa ya kwanza. Kati ya miaka inayolinganishwa, bei ya dunia ilipanda takriban mara 2.5 baada ya jalidi ya Brazili, na shilingi ilishuka thamani. Mambo hayo mawili yanaweza kueleza ongezeko lote la Jedwali la 1. Mwandishi aonyeshe sehemu ya bei ya mnada iliyomfikia mkulima kabla na baada, badala ya bei yenyewe, na aongeze misimu, angalau mitatu kila upande. Kama hilo haliwezekani, dai lipunguzwe katika ikisiri na hitimisho, kuanzia kitenzi 'lilisababisha'.

Hoja kubwa ya pili. Bei ya 1992/93 inaelekea kuwa malipo ya awali peke yake, na ya 1994/95 ni malipo yote. Mwandishi aseme daftari ni la aina gani, na atafute malipo yaliyofuata.

Mambo madogo. Haya hayaathiri uamuzi wangu, na mengine ni ladha yangu tu."

Halafu hayo madogo ningeyaweka kama sita, si thelathini na moja. Makosa ya nukta ningesema kwa sentensi moja kwamba yapo, asome tena. Mhakiki si msahihishaji wa uchapaji, na mwandishi ataandika upya nusu ya kurasa hizo hata hivyo. Kusahihisha nukta kwenye aya itakayofutwa ni kupaka rangi ukuta unaobomolewa kesho.

Sanawari_Mjini

Mbona hukuandika ikataliwe au ikubaliwe?

Mwalimu_Rau

Hilo linakwenda kwenye kisanduku cha mhariri. Ukimwandikia mwandishi "nashauri ikubaliwe" na mhakiki mwenzako akasema ikataliwe, umemfunga mhariri mikono na umempa mwandishi tumaini ambalo si lako kutoa. Lakini usimweleze mhariri kisirisiri jambo zito ambalo mwandishi hakuambiwa. Nahisi kwa Kihamba ndicho kilichotokea. Neno "hoja ya msingi" lilikuwepo mahali, ila upande wa mhariri tu.

Kihamba_cha_Juu

Ndiyo maana nilikuwa sielewi lilikotoka!

Kwa hiyo mhariri naye ana kosa? Angeweza kuniambia "angalia 19 na 27".

Mwalimu_Rau

Angeweza, na ningesema alipaswa. Wengine watakwambia mhariri wa jarida dogo anashughulikia makala hamsini bila malipo, na barua anazituma saa tano usiku. Kukata rufaa sikushauri, kwa sababu hata ukishinda, Jedwali la 1 bado halijasimama.

Hesabu_Tu

Swali la kiufundi. Hiyo "sehemu ya bei ya mnada", mkulima anauza maganda, mnadani inauzwa kahawa iliyokobolewa. Kilo si kilo.

Karani_Mstaafu

Umeuliza vizuri kijana. Kilo mia za maganda zikikobolewa zinatoa kama themanini za kahawa safi. Ukigawanya bei ya maganda kwa bei ya mnada moja kwa moja, mkulima ataonekana amepunjwa kuliko ilivyokuwa. Igawe kwanza bei ya maganda kwa 0.8, ndipo ulinganishe. Na ugonjwa wa chulebuni ukiwa umeingia mwaka huo, hiyo themanini usiitegemee.

Kihamba_cha_Juu

Naandika yote haya.

Nirudi kwenye makala niliyopewa. Nimeisoma jana usiku na nina maoni ishirini na tisa pembeni. Nimejaribu swali la Mwalimu, lipi likirekebishwa litabadilisha hitimisho. Nimebaki na moja. Moja tu! Nikahisi kama sijafanya kazi, nikaanza kutafuta la pili la kuongezea.

Dokta_wa_Njiro

Usitafute. Moja lenye maelezo ya ukurasa mzima linatosha. Na kama huna hata moja, sema huna. Kuna wahakiki wakikosa hoja kubwa wanaanza kudai mwandishi anukuu makala zao tano.

Sanawari_Mjini

Hahaha hao nawajua.

Kihamba_cha_Juu

Lakini Mwalimu, hiyo moja sina uhakika nayo. Ni takwimu, na takwimu si eneo langu sana. Naogopa nikiiita kubwa halafu niwe nimekosea, nimemuua mtu.

Mwalimu_Rau

Iite kubwa na useme wazi mipaka yako. Andika kwamba kama umeelewa vizuri jedwali fulani, basi tatizo ni hili, na kwamba mhariri atafute mtu wa takwimu athibitishe. Kuificha kwenye madogo kwa sababu ya woga ndiyo namba 27 ya mhakiki wako.

Hesabu_Tu

Mimi ningeiacha kama huna uhakika. Mhakiki mwingine ataiona.

Dokta_wa_Njiro

Huyo mwingine naye anasema hivyo hivyo kuhusu wewe.

Kihamba_cha_Juu

Nitaiandika kwa namna ya Mwalimu.

Mzee Karani, lile daftari la malipo ya pili, kwa chama chenu lilibaki wapi? Kwenye kile nilichofanyia utafiti niliambiwa vitabu vya zamani vipo stoo lakini ufunguo hauonekani.

Karani_Mstaafu

Ufunguo unaonekana, ila mwenye nao hataki kufagia. Ya kwetu yapo ndani ya pipa la bati, tuliyaweka humo kwa ajili ya mchwa. Ya 1992/93 nina hakika nayo, niliyaandika kwa mkono wangu. Ya 1991/92 yalilowa.

Njoo Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne, mchana nina msiba. Uje na taa, stoo haina dirisha.

Ngarenaro_Kwetu

Mzee na mimi naweza kuja? Nina shairi moja la kahawa.